Nusu Saa Tu, Macho Kodo

Nguo za mtoto zimo ndani ya beseni na povu bado halijatulia. Mama amemnyonyesha mwanawe, amembembeleza mpaka kope zikalegea, amemlaza chini ya chandarua, kisha akatoka kwa kunyata. Anafua kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kabla hajashika cha nne, chumbani kunasikika mguno, halafu kilio. Akitazama saa, dakika 30. Jana zilikuwa 32, na juzi 28. Akiingia anamkuta mtoto macho kodo, anaitazama dari kana kwamba hakupitiwa na usingizi hata kidogo.

Bibi aliyekaa barazani ana maelezo yake: "Huyo hashibi, mwanangu. Mwonjeshe uji mwepesi uone kama hatalala." Dada wa kazi anaona ni kelele za bodaboda. Baba akipigiwa simu anauliza kama mtoto ana joto. Kila mmoja ana hoja, na kuna siku mmoja wao huwa amepatia. Lakini mtoto wa miezi mitatu, minne au mitano anayelala mchana kwa nusu nusu saa, huku ana afya na anaongezeka uzito, kwa kawaida haamshwi na njaa wala bodaboda. Anaamka kwa sababu ubongo wake umefika kwenye kona ambayo bado hajajua kuipita.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba mambo hayakuanza hivyo. Katika wiki za mwanzo mtoto hulala popote: begani, kwenye ngoma ya harusi, ndani ya daladala. Usingizi mmoja waweza kuwa wa dakika 20 na unaofuata wa saa tatu. Kisha, kati ya mwezi wa pili na wa nne, vipindi vya mchana hufupika na kuanza kulingana, kila kimoja dakika 30 mpaka 45. Hali hiyo hudumu kwa watoto wengi hadi mwezi wa tano au wa sita.

Kwa mama mwajiriwa, kipindi hicho huja wakati mbaya. Sheria ya ajira ya Tanzania humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 akijifungua mtoto mmoja, na ya Kenya humpa miezi mitatu. Maana yake ni kwamba wengi hurudi kazini mtoto akiwa na umri uleule ambao usingizi wake wa mchana unakatika. Nyumbani anabaki bibi au dada, na mama anaporudi jioni akaambiwa mtoto amelala mara nne na kila mara nusu saa, wazo la kwanza ni kwamba kuna kitu hakifanywi sawa. Maziwa aliyokamua hayatoshi, au dada hajui kubembeleza. Lawama huangukia watu ambao hawajakosa lolote.

Kinachotokea dakika ya 30

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti kijana wa Chuo Kikuu cha Chicago aitwaye Eugene Aserinsky, chini ya profesa wake Nathaniel Kleitman, aliketi kando ya vitanda vya watoto wachanga akitazama kope zao. Mwaka 1955 wawili hao walichapisha walichokiona: mtoto aliyelala hupitia mzunguko wa utulivu na mwendo unaojirudia kila baada ya dakika 50 hadi 60 hivi. Kuna kitambo ambapo macho na mwili vimetulia kabisa, halafu kitambo ambapo macho yanacheza chini ya kope, vidole vinashtuka na mdomo unanyonya hewa. Mtu mzima naye ana mzunguko wa namna hiyo, ila wake huchukua karibu dakika 90.

Mtoto mchanga kabisa huuanza usingizi kwa ule upande wa mwendo. Ndiyo maana huonekana akitabasamu na kukunja uso mara tu baada ya kulala. Kufikia mwezi wa tatu au wa nne mpangilio hugeuka: sasa anaanza kwa kuzama kwenye usingizi mzito, kama mtu mzima. Dakika 20 za kwanza unaweza kumvua kofia na asishtuke. Baada ya hapo anaanza kupanda juu kuelekea usingizi mwepesi, na karibu dakika ya 30 au 40 yupo karibu sana na kuamka. Hiyo ndiyo kona yenyewe.

Swali linalofuata ni kwa nini usiku anaipita. Mtoto yuleyule aliyeamka mara nne mchana aweza kulala saa moja usiku na asisikike mpaka saa tano. Tofauti iko katika mambo mawili. La kwanza ni hamu ya usingizi, ambayo hujaa mwilini kadiri mtu anavyokaa macho, kama maji yanayodondoka ndani ya mtungi. Mtoto aliyekesha saa moja na nusu tu ana mtungi uliojaa nusu, na dakika 20 za usingizi mzito zinatosha kuupunguza sana. Akifika kwenye usingizi mwepesi hakuna kinachomvuta arudi chini. Usiku mtungi umejaa mpaka mdomoni. La pili ni saa ya mwili. Homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, hupanda kukiwa giza, na mtindo wake wa mchana na usiku huanza kujitengeneza karibu mwezi wa pili au wa tatu. Saa nne asubuhi homoni hiyo haimsaidii mtoto.

Kwa hiyo usingizi wa nusu saa si usingizi uliovunjika njiani. Ni sehemu ya kwanza ya mzunguko, ile nzito kuliko zote, iliyokamilika, ikafuatwa na kuamka pale ambapo kuamka ni rahisi zaidi.

Sababu nyingine, na namna ya kuzitambua

Ubongo ukishamfikisha mtoto kwenye kona, mambo madogo ndiyo huamua kama atageuka upande na kuendelea au atafungua macho. Mengi yanaweza kuonekana kwa anayetazama.

Linaloongoza ni muda aliokaa macho. Kwa mtoto wa miezi minne au mitano, walezi wazoefu huhesabu saa moja na nusu hadi saa mbili na kidogo tangu alipoamka. Akilazwa mapema mno huchukua muda mrefu kusinzia, anacheza na vidole vyake, kisha akiamka baada ya nusu saa anacheka. Akicheleweshwa huonyesha kinyume: analia akibembelezwa, anajikunja mgongo, anazimika ghafla kama taa, na akiamka anaamka kwa kilio huku macho mekundu. Nusu saa ni ileile, lakini sura ya kuamka hutofautiana, na sura hiyo ndiyo inayosema kama alilazwa mapema au kwa kuchelewa.

La pili ni namna alivyoingia usingizini. Mtoto aliyesinzia ziwani, akisikia mapigo ya moyo, joto na mwendo wa kuyumbayumba, kisha akahamishiwa kwenye godoro, akifika kwenye usingizi mwepesi hukuta vyote vimetoweka. Hana namna ya kuvirudisha isipokuwa kuita. Hili halimaanishi kwamba kumnyonyesha hadi alale ni kosa. Ni jambo la kale na la kupendeza, na wapo watoto wengi wanaolala hivyo na kuvuka kona bila taabu. Linaeleza tu kwa nini mtoto yuleyule hulala saa nzima na nusu mgongoni ndani ya mbeleko na nusu saa tu kitandani: mgongoni, kile alicholalia bado kipo anaposhtuka.

La tatu ni mazingira. Kelele za mfululizo kama feni au mvua juu ya bati hazisumbui sana. Kinachoamsha ni sauti ya ghafla, mlango au honi, ikitokea dakika ya 30 badala ya dakika ya 10. Mwanga nao hufanya hivyo, na kwa miji ya pwani, joto. Ukimgusa mtoto shingoni na kifuani ukakuta jasho, amezidishiwa nguo. Kabla ya miezi mitano pia mikono yake hurushwa yenyewe anaposhtuka, ikampiga usoni na kumwamsha.

Na njaa? Ipo, ila huthibitishwa kwa dalili zake. Mtoto mwenye njaa akiamka na kupewa ziwa hunyonya kwa nguvu na kwa muda, akimeza kwa kusikika. Aliyeamka kwa sababu ya kona hunyonya mara chache, anaachia na kugeuka kutazama chumba. Watoto wa miezi minne na mitano wana tabia ya kukatiza kunyonya mchana kwa sababu kila kitu kinawavutia, kwa hiyo inafaa kuwanyonyesha mahali patulivu, na vizuri zaidi kabla ya kulala. Mtoto anayelowesha nepi sita au zaidi kwa siku na ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, anashiba.

Hapa ndipo ushauri wa bibi unapohitaji kupokelewa kwa heshima na kuwekwa kando. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, na ndivyo kliniki za Afrika Mashariki zinavyofundisha. Uji wa mwezi wa tatu hauubadilishi mzunguko wa usingizi. Hupunguza hamu ya kunyonya, na maziwa ya mama hupungua kwa kutonyonywa. Hatari zaidi ni kumpa mtoto dawa ya mafua au ya mzio kwa sababu humfanya asinzie. Dawa hizo zinaweza kulegeza pumzi ya mtoto mchanga, na hakuna usingizi wa mchana unaostahili bei hiyo.

Je, arefushiwe?

Hoja inayotajwa na wanaotaka kurefusha ni ubongo: mtoto hukua akilala. Ni kweli, na kuna majaribio mazuri yanayosaidia kuipima hoja hiyo.

Mwaka 2015 Sabine Seehagen wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, pamoja na wenzake, walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wa miezi 6 na miezi 12. Mtafiti alimwonyesha mtoto kikaragosi cha mkononi kilichovaa glavu. Aliivua glavu, akaitikisa, kengele iliyofichwa ndani ikalia, kisha akairudisha. Baadaye mtoto alipewa kikaragosi kile kile ili ionekane kama angekumbuka la kufanya. Waliokumbuka ni wale waliolala angalau dakika 30 mfululizo ndani ya saa nne baada ya kuonyeshwa. Waliokaa macho, au kusinzia kwa muda mfupi zaidi ya huo, walikitazama kikaragosi kama kitu kipya. Kwa mzazi mwenye mtoto wa nusu saa, matokeo haya yanatuliza: nusu saa ilihesabiwa kuwa usingizi kamili uliofanya kazi yake.

Upo utafiti wa upande wa pili. Manuela Friedrich na wenzake nchini Ujerumani, mwaka 2017, waliwafundisha watoto wa miezi 6 hadi 8 majina ya kubuni ya vitu visivyokuwepo. Waliolala takriban nusu saa walionyesha kumbukumbu ya aina sahili, ya neno kuambatana na kitu. Waliolala karibu dakika 50 walionyesha dalili za kulielewa neno kwa undani zaidi. Kwa hiyo usingizi mrefu una kitu cha ziada. Lakini watoto hao walikuwa wameshapita miezi sita, umri ambao vipindi virefu huanza kuja vyenyewe, na jaribio lilihusu usingizi mmoja baada ya somo moja. Halisemi kwamba mtoto wa miezi minne anayelala mara nne kwa siku anadhurika.

Kipimo chenye manufaa zaidi nyumbani ni jumla ya saa 24. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 14 hadi 17 kwa mtoto wa miezi 0 hadi 3, na saa 12 hadi 16 kwa wa miezi 4 hadi 11, usiku na mchana kwa pamoja. Upana wa saa nne si uzembe wa walioandika, ni tofauti halisi kati ya watoto wenye afya. Mwongozo huo haupangi kila kipindi cha mchana kiwe cha dakika ngapi.

Kutokana na hayo, jibu hugawanyika kwa umri na kwa namna mtoto anavyoamka. Chini ya miezi minne na nusu hivi, juhudi za kurefusha huzaa uchovu wa mlezi kuliko usingizi wa mtoto. Baada ya miezi mitano, mtoto anayeamka akicheka na kukaa vizuri hadi kipindi kinachofuata aachwe kama alivyo. Aliyepita miezi mitano, anaamka akilia kila mara, anapikicha macho baada ya dakika 20 na jioni hakamatiki, huyo inafaa kujaribiwa.

Siku moja kwenye daftari

Kabla ya kujaribu lolote, mlezi aandike kwa siku tatu au nne saa ya kulala na ya kuamka. Daftari la shule linatosha. Tuchukue ukurasa wa mtoto wa miezi mitano, wa aina inayoonekana katika nyumba nyingi.

Ameamka saa 12:30 asubuhi. Amelala saa 2:00 hadi 2:30, saa 4:10 hadi 4:40, saa 6:30 hadi 7:00 mchana, na saa 9:00 hadi 9:35 alasiri. Usiku amelazwa saa 1:00 na kuamka tena saa 12:30 asubuhi, akikatiza mara mbili kunyonya, kila mara kama nusu saa. Malalamiko ya nyumbani ni kwamba halali mchana, na kuanzia saa 11 jioni analia mpaka anapolala.

Hesabu ya mchana ni saa 2 na dakika 5. Usiku, ukitoa kunyonya, ni saa 10 na nusu. Jumla ni saa 12 na dakika 35, ndani ya mwongozo ingawa karibu na ukingo wa chini. Sasa tazama muda wa kukaa macho: saa 1 na nusu, saa 1 na dakika 40, saa 1 na dakika 50, saa 2, yote ya kawaida. Halafu kutoka saa 9:35 alasiri hadi saa 1:00 usiku, saa 3 na dakika 25. Mtoto wa miezi mitano hawezi mwendo huo. Kilio cha jioni hakikuletwa na ufupi wa vipindi vinne, kimeletwa na kukosekana kwa cha tano.

Dawa yake haihitaji kurefusha chochote. Saa 11:00 jioni dada amfunge mgongoni akatembee naye uani, alale nusu saa, kisha alazwe usiku saa 1:00 kama kawaida. Jumla inafika saa 13 na dakika 5, na pengo kubwa limevunjwa vipande viwili vya karibu saa moja na nusu kila kimoja. Kipindi hiki cha jioni kinatakiwa kiwe kifupi. Kikirefushwa kitakula usiku.

Kama baada ya wiki moja ya kipindi cha tano mtoto bado anaamka akilia mchana, ndipo mlezi achague kipindi kimoja cha kurefusha. Kwenye ukurasa huu kinafaa kile cha saa 6:30 mchana. Kimoja tu. Anayejaribu vyote vinne ataishia kushinda chumbani siku nzima.

Chumba kifunikwe pazia, feni iwashwe kama ipo. Kabla ya kulazwa mtoto anyonye, abadilishwe nepi, aimbiwe wimbo uleule, alazwe mahali palepale. Kama amezoea kuzimikia ziwani, alazwe akiwa amelegea lakini kope hazijafunga kabisa, na mlezi abaki karibu. Wengine hufanikiwa siku ya tatu, wengine hawataki kabisa, na mlezi anaweza kuliacha hilo bila hasara.

Sehemu inayosaidia zaidi huanza dakika ya 25. Mlezi arudi aketi kando ya kitanda kabla mtoto hajashtuka. Ataiona kona ikija: pumzi inabadilika na kuacha kufuata mdundo mmoja, mdomo unanyonya, kichwa kinageuka, miguu inatikisika. Hapo anaweka kiganja kifuani kwa mtoto, bila kumpapasa, akimnong'oneza ile sauti ya kubembeleza. Asimnyanyue. Mtoto akiguna kwanza asikilizwe dakika moja au mbili, kwa maana baadhi ya miguno hutoka katikati ya usingizi na kumnyanyua kunamwamsha aliyekuwa akiendelea kulala. Kama macho yamefunguka na kilio kimepanda, njia nyingine ni kumnyonyesha au kumweka kifuani amalizie hapo, mlezi mwenyewe akiwa macho. Zikipita dakika 10 au 15 bila mafanikio, kipindi kimekwisha: pazia lifunguliwe na siku iendelee.

Kama kipindi hicho kikirefuka hadi saa 1 na robo, ukurasa unabadilika: mtoto ataamka saa 7:45 mchana, atalala tena saa 9:45 hadi 10:15 jioni, na anaweza kulazwa usiku saa 12:45. Kile cha tano hakihitajiki siku hiyo. Siku ambayo hakikurefuka, cha tano kinarudi. Jaribio lipewe wiki mbili. Lisipoleta tofauti, liachwe kwa mwezi mmoja na kurudiwa, maana mtoto atakuwa mwingine. Na tafiti nyingi za kuwafundisha watoto kulala zimehusu usiku, kwa hiyo anayeahidi usingizi wa mchana wa saa mbili kwa siku tatu anaahidi asichoweza kukithibitisha.

Yasiyoachwa kwa ajili ya usingizi mrefu

Haja ya kurefusha usingizi huwasukuma wazazi kwenye mitego michache. Mtoto alazwe chali kila mara, juu ya godoro gumu lililo bapa, bila mto wala blanketi lililolegea, hata kama akilala kifudifudi hudumu zaidi. Hudumu kwa sababu ni vigumu kushtuka, na uwezo wa kushtuka ndio unaomlinda pumzi inapobana. Kumfunga kwa kanga ili mikono isirushwe kukome anapoonyesha dalili za kwanza za kujigeuza. Sofa ni mahali pa hatari kuliko kitanda, hasa mlezi akisinzia naye. Ndani ya mbeleko uso uonekane na pua iwe wazi, na kanga isivutwe kumfunika kichwa kwenye jua. Na anayefunga madirisha kutafuta giza ahakikishe hakuna jiko la mkaa ndani: hewa yake ya sumu haina harufu, na mtoto huonekana amelala tu.

Zipo dalili zinazohitaji kituo cha afya badala ya pazia. Mtoto anayekoroma kila anapolala na pumzi kukatika kidogo, anayelia na kujikunja mgongo baada ya kunyonya na kucheua sana, ambaye uzito umesimama, au ambaye alikuwa akilala vizuri kisha ghafla akaanza kuamka akilia na kushika sikio huku ana homa, apelekwe. Vivyo hivyo mtoto ambaye badala ya kulala kidogo analala kupita kiasi, mlegevu na mgumu kuamshwa hata kunyonya.

Kwa waliobaki, kalenda hufanya kazi kubwa. Kati ya mwezi wa tano na wa saba vipindi vinne au vitano huanza kuungana kuwa vitatu, na mara nyingi cha asubuhi na cha mchana ndivyo hufika saa nzima kwanza. Kile cha jioni hubaki kifupi mpaka mwisho, halafu mtoto wa miezi saba au minane anaanza kukikataa: anafungwa mgongoni saa 11, anazungushwa uani, na badala ya kusinzia anavuta nywele za dada na kuwanyooshea kuku kidole. Siku tatu mfululizo za namna hiyo, na mstari huo wa daftari unaweza kukatwa.